Mboga za Leo au Zilizolala? Kusoma Mnyauko, Utelezi na Rangi Sokoni

Kumuuliza mwenye genge "za leo hizi?" ni kupoteza pumzi. Jibu ni lile lile miaka yote: "Za leo, dada, zimeshuka alfajiri." Na ukiangalia utakuta zinang'aa kweli, kwa sababu pembeni yake kuna kopo la maji lililotobolewa kifuniko, na kila baada ya muda fungu linanyunyiziwa. Maji yale hurudisha mng'aro wa jani, hata jani ambalo limelala sokoni usiku kucha. Si wizi, jua la Dar es Salaam bila maji lingemaliza meza nzima kabla ya adhuhuri. Ila kwako mnunuzi maana yake ni moja: uso wa jani haukuambii mengi. Ukweli uko sehemu tatu ambazo kopo halifiki vizuri, yaani pale mboga ilipokatwa au ilipong'olewa, katikati ya fungu lilipofungwa, na upande wa chini wa jani.

Nitaanza na mboga za majani, mchicha hasa, kwa kuwa ndizo zinazoharibika haraka na ndizo zinazotuchanganya zaidi. Nyanya, karoti na bamia zitafuata kwa ufupi mbele.

Anzia chini, si juu

Mchicha mwingi unaouzwa kwa fungu huja na mizizi yake. Ipindue uitazame. Mizizi ya mchicha uliong'olewa asubuhi ni myeupe au ina wekundu kidogo, ina unyevu, na udongo uliobaki umeshika. Ikishalala inakuwa ya kahawia, inakauka kama nyuzi za kamba na udongo unapukutika wenyewe. Wakati huo majani juu yanaweza kuwa bado yanavutia.

Mboga za kukatwa, kama sukuma wiki, chainizi, matembele na majani ya maboga, zisome kwenye kidonda cha kisu. Kidonda kipya ni cha kijani hafifu na kina majimaji. Baada ya saa kadhaa kinakauka na kuwa cheupe, na hapo mboga bado ni nzima. Kikiwa cha kahawia na ukikibonyeza kwa ukucha kinabonyea, kuoza kumeanzia hapo na kunapanda juu. Kuna ujanja mmoja wa kuujua: wauzaji wengine hukata upya miisho ya mabua yaliyozeeka. Utaona vidonda vyote viko sawasawa, vipya na vibichi, lakini majani ya chini ya fungu hilo hilo yana umanjano. Viwili hivyo haviendi pamoja.

Kwa sukuma wiki kuna kipimo cha haraka kuliko vyote. Shika ule mshipa mnene wa katikati ya jani uukunje. Mbichi inakatika kwa mlio. Ikipinda bila kukatika, imepoteza maji mengi, na swali linalofuata ni kwa nini.

Dalili ya kwanza: imenyauka

Jani husimama kwa sababu ya maji yaliyojaa ndani ya seli zake. Likishakatwa haliletewi tena maji kutoka kwenye mzizi, lakini linaendelea kuyapoteza kupitia vitundu vidogo vilivyo usoni pake. Halihitaji kupoteza mengi. Mboga ya majani ikipungua asilimia 5 hivi ya uzito wake, macho yanaanza kuona kuwa imelegea. Ndiyo maana mnyauko peke yake ni dalili dhaifu. Mchicha uliovunwa saa kumi na mbili asubuhi na kukaa juani hadi saa sita unaweza kuonekana hoi kuliko ule wa jana uliokaa kivulini chini ya gunia bichi.

Kwa hiyo ukikuta mboga imenyauka, kazi yako ni kutenganisha mambo matatu yanayofanana kwa mbali: kiu, uzee na kifo.

Kiu ndiyo ya kawaida na haina madhara makubwa. Jani limelegea lakini rangi yake ni ile ile ya kijani kuanzia ncha hadi kikonyo, na ukilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada linabaki zima. Fungu lote limelegea kwa usawa, majani ya juu na ya chini. Mboga ya namna hii inafufuka. Ifungue, kata sentimeta moja ya mwisho wa mabua, yasimamishe kwenye bakuli la maji safi ya baridi, uiweke kivulini. Baada ya nusu saa hadi saa moja imesimama. Matembele ndiyo hodari wa kufufuka kuliko zote. Majani ya maboga hunyauka upesi mno, hasa vile vikono vyake vyembamba, nayo yakikaa kwenye maji yanarudi, ila hayatarudi mara ya pili.

Uzee unaonekana kwa mpangilio. Unaanza na majani ya chini, yale makubwa. Yanalegea na kupauka huku majani machanga ya juu yakiwa bado yako imara. Ukiweka kwenye maji, ya juu yatasimama na ya chini yatabaki yamelala. Ondoa ya chini, pika ya juu siku hiyo hiyo. Bei yake inapaswa kuwa ya jioni, na hilo unaweza kumwambia mwenye genge bila kuona haya, kwani anajua.

Kifo ni seli zenyewe kupasuka. Hapa jani limelegea na rangi yake imekuwa nzito, kijani cha kuelekea weusi chenye majimaji yanayoonekana kwa ndani. Lisugue: ngozi inachubuka na kidole kinabaki na uji wa kijani. Hakuna maji ya baridi yatakayolirudisha, kwa sababu hakuna tena chombo cha kuyashika. Ukiliweka kwenye bakuli litaharibu na maji ya wenzake.

Kuna hali moja inayodanganya hata wazoefu. Fungu limelowa chapachapa na bado limelegea. Mtu husema, "Limenyunyiziwa, litasimama." Ukweli ni kwamba maji ya juu ya jani huingia kidogo sana, njia yake kuu ni kidonda cha chini au mzizi, na kama kidonda kimekauka, njia imeziba. Mboga hiyo inaweza kuwa na kiu katikati ya maji. Au inaweza kuwa imeanza kuoza. Kipimo cha kusugua kwa kidole ndicho kitakachoamua, na kinachukua muda mfupi kuliko kubishana bei.

Ukinunua mboga yenye kiu ukaifufua, ujue vitamini C yake imeshapungua, kwani hiyo huanza kushuka mara tu mboga inapokatwa na hushuka upesi zaidi kwenye joto. Ladha na madini bado vipo. Kwa hiyo ni mboga ya kula, ila isiwe ya kuweka kwa kesho.

Dalili ya pili: inateleza

Mnyauko unajadilika, ila utelezi haujadiliki. Ute unaoukuta kwenye jani la mchicha au bua la chainizi ni kazi ya bakteria wanaokula pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za mmea. Gundi ikiisha, seli zinaachana, maji yaliyokuwa ndani yanatoka, na maji hayo ndiyo chakula cha bakteria wengine. Ndiyo sababu utelezi ukianza na jani moja, unasambaa haraka kwa majirani waliogusana nalo.

Bakteria hao wapo tangu shambani, kwenye udongo na kwenye maji ya kunyunyizia. Kinachowapa nafasi ni vitu vitatu vikikutana: maji juu ya jani, joto, na hewa isiyopita. Fungu lililofungwa kwa kubana lina vyote vitatu. Mboga iliyovunwa inaendelea kupumua na upumuaji huo unatoa joto. Kwa nje upepo unaliondoa, ila katikati ya fungu joto linabaki. Ingiza kidole katikati ya fungu kubwa, au mkono katikati ya tenga kama unanunua jumla. Kukiwa na ubaridi na ukavu wa wastani, chukua. Kukiwa na vuguvugu, hata kama hakuna utelezi bado, mboga hiyo imebakiza saa chache. Kukiwa na vuguvugu na harufu ya uchachu au ya maji ya maua yaliyolala kwenye chombo, rudisha.

Chukua mfano wa jirani yangu mmoja aliyekuwa akilalamika kwamba genge fulani linamuuzia mchicha mbovu. Ananunua saa kumi na mbili jioni akitoka kazini, unang'aa, asubuhi akiutoa ili aukate kabla ya kwenda kazini anakuta katikati pameiva kwa utelezi na nje ni mzima. Akahama genge, tatizo likamfuata. Tukaufuatilia mchicha wake hatua kwa hatua. Mafungu yalikuwa mawili, yamefungwa kwa kamba ya mgomba karibu na mizizi na tena katikati ya mabua. Yalikuwa yamenyunyiziwa maji mara ya mwisho muda mfupi kabla hajafika, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya wateja wengi. Akayaweka ndani ya mfuko wa nailoni wa mkate, akaufunga fundo ili "yasikauke", akauacha juu ya kabati la jikoni karibu na jiko la gesi. Usiku wa Februari, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu.

Angalia dalili inavyosema. Utelezi ulikuwa katikati tu, kwenye kile kifundo cha pili cha kamba, na mizizi ilikuwa bado myeupe. Mboga iliyouzwa ikiwa imelala ingekuwa na mizizi ya kahawia na majani ya chini yenye umanjano, na utelezi wake ungeanzia popote penye jani lililovunjika. Hapa mchicha ulikuwa wa siku hiyo hiyo. Uliozeshwa usiku na maji ya nje, kamba na mfuko. Siku iliyofuata alinunua pale pale, akakata kamba zote, akakung'uta maji, akatandaza mchicha juu ya kanga kavu mezani mpaka majani yakauka kwa juu, akaondoa yaliyovunjika, akausimamisha kwenye sufuria yenye maji kina cha vidole viwili ili mizizi tu ndiyo iguse, akaufunika juu kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Asubuhi ulikuwa umesimama.

Sasa, ukishaukuta utelezi, unafanya nini? Tupa majani yote yenye ute na yale yaliyogusana nayo na kulowa, hata kama bado yako imara. Yaliyobaki, kama ni makavu na hayana harufu, osha kwa maji safi yanayotiririka uyapike siku hiyo. Kusuuza ute na kupika jani lenyewe sikushauri. Bakteria wanaoozesha mmea kwa kawaida si wale wanaomuumiza mtu, lakini jani lililopasuka ni mlango wazi kwa wengine, na huwezi kujua nani kaingia. Kwa saladi au kachumbari usijadili kabisa: utelezi kidogo tu, fungu zima halifai kuliwa bichi.

Mboga zilizokwisha kukatwakatwa na kuuzwa kwenye vifuko ni hatari zaidi kwa sababu hii hii. Kila mkato ni kidonda kinachotoa maji, na dalili zote nilizotaja (mzizi, kidonda, mpangilio wa majani) zimefutwa na kisu. Hapo kilichobaki ni pua yako na maji yaliyojikusanya chini ya kifuko. Ukiona kimiminika cha kijani kimetuama, achana nacho. Afadhali mpe muuzaji fungu ulilochagua mwenyewe akukatie mbele yako, kama anavyofanya kwa sukuma wiki.

Dalili ya tatu: rangi imegeuka

Umanjano ni umbijani, ile rangi ya kijani ya jani, unaovunjika. Ukianza na majani ya chini ni uzee tu, na jani la manjano lisilo na ute halina sumu, ni gumu na chungu kidogo. Umanjano ukienea fungu zima kwa wakati mmoja, majani ya juu na ya chini, mshuku jirani wa mboga. Ndizi zinazoiva, maembe, maparachichi na nyanya mbivu hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huamrisha majani yazeeke. Meza ya genge iliyopanga mchicha chini ya mkungu wa ndizi mbivu inauzeesha mchicha wake yenyewe, na kapu lako nyumbani linafanya vivyo hivyo.

Weusi wa ukingoni au kwenye mikunjo ni michubuko. Jani lilibanwa kwenye tenga au kufinywa na kamba, seli zikapasuka, hewa ikaingia, rangi ikageuka kama tufaha lililomenywa. Weusi mkavu ni sura mbaya tu; kata sehemu hiyo. Weusi wenye majimaji ni mwanzo wa utelezi niliouzungumzia.

Mabaka ya kijani kizito yanayopitisha mwanga, kama karatasi iliyodondoshewa mafuta, mara nyingi hayatoki sokoni. Hayo ni ya friji yako. Mboga iligusa ukuta wa nyuma ambako baridi ni kali, ikaganda, na ilipoyeyuka seli zikawa zimepasuka. Sogeza mboga mbele, kwenye droo ya chini.

Halafu kuna rangi zinazowatisha watu bure. Mchicha mwekundu unatoa maji mekundu ukiuosha, hiyo ni rangi yake. Michirizi myeupe inayopindapinda ndani ya jani ni njia ya kiwavi kidogo aliyekuwa akila katikati ya ngozi mbili za jani; haipendezi, lakini haina uhusiano na ubichi. Vidoti vyeupe vilivyotuna kama malengelenge upande wa chini wa jani la mchicha ni kutu nyeupe, ugonjwa wa shambani. Jani lenye vidoti vichache ukilitoa, mengine ni mazuri. Na vidoti vidogo vyeusi kama pilipili manga vilivyotapakaa ndani ya kabichi hutokana na hali ya shamba na hifadhi, siyo ukungu; vingekuwa ukungu vingekuwa na manyoya na harufu.

Kwa kabichi, kwa vile nimeitaja, usiamini weupe wake. Kabichi inayobanduliwa majani ya nje kila siku hubaki nyeupe na ndogo na nzito kwa sura. Geuza uone kitako. Cheupe chenye unyevu ni kipya, cha kahawia kilichopasuka ni cha siku nyingi, na chenye weusi laini kiache.

Mboga za matunda na mizizi

Karoti iliyolegea mpaka inapinda imepoteza maji, na saa moja au mbili kwenye maji baridi kabisa huzirudishia karoti nyingi ukakamavu. Weupe kama vumbi juu ya karoti ni ngozi iliyokauka. Kwangua uone rangi chini yake. Lakini karoti inayoteleza, hasa zile zilizooshwa zikafungwa kwenye nailoni, ni ya kutupa. Ndiyo maana karoti yenye udongo wake, chafu kama inavyotoka Lushoto, hudumu kuliko iliyooshwa ikang'aa. Ukiinunua na majani yake, yakate hapo hapo, maana yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi.

Nyanya isome kwenye kikonyo. Kijani na kimesimama, imechumwa karibuni. Kikiwa kimekauka au hakipo, tazama kovu lake kama lina unyevu au manyoya meupe, kwa kuwa ukungu huingilia hapo na kwenye nyufa. Kwenye tenga, nyanya moja iliyopasuka chini hulowesha safu nzima, hivyo kabla ya kununua sado zima inua zile za juu kidogo. Nyanya laini bila ufa wala harufu ni ya mchuzi wa leo.

Bamia inachanganya watu kwa sababu ute wake wa ndani ni wa kuzaliwa. Ute wa kuogopa ni ule wa nje, kwenye ngozi. Bamia mbichi ncha yake inakatika kwa mlio na vinyweleo vyake vinawasha kidogo vidole. Ikishawekwa na maji inaota weusi kwenye mbavu zake, kwa hiyo usiioshe mpaka uko tayari kuikata.

Ukungu wenye manyoya nao una kanuni yake. Kwenye mboga ngumu kama karoti na kabichi, unaweza kukata sentimeta mbili na nusu kuzunguka na chini ya doa bila kisu kugusa ukungu, na kutumia kilichobaki. Kwenye nyanya, tango au jani lolote, nyuzi za ukungu zimeshapenya usikoona. Tupa yote.

Kuhifadhi: toa maji ya nje, tunza ya ndani

Ushauri wote wa kuhifadhi mboga za majani unatoka kwenye hayo mawili. Ukifika nyumbani kata kamba, chambua, kung'uta, tandaza mpaka uso wa jani ukauke. Usioshe mboga usiyopika leo, isipokuwa kama utaweza kuikausha kabisa. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, halafu wanalaumu friji.

Mwenye friji afunge mboga kavu kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, aweke ndani ya chombo chenye mfuniko usiobana sana, kwenye droo ya chini, joto la nyuzi 4 au 5. Kitambaa kinanyonya matone, chombo kinazuia mboga isikauke. Mchicha unafika siku tatu au nne, sukuma wiki karibu wiki, kabichi nzima wiki kadhaa. Kitambaa kikilowa, kibadilishe. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2019, wengi tulihamia kwenye ile mifuko mbadala ya kitambaa chepesi. Inapitisha hewa vizuri kwa kubebea, lakini ndani ya friji mboga inakauka ikibaki humo.

Nyanya, matango, bilinganya na bamia hazipendi baridi hiyo. Ni mimea ya joto, na chini ya nyuzi 10 hivi, zikikaa siku kadhaa, zinaumia: nyanya inakuwa ya ungaunga na kupoteza ladha, tango linatoa mashimo yenye majimaji, bilinganya inaota madoa ya kahawia. Ziweke mahali pa kivuli penye hewa, mbali na majani. Vitunguu na viazi vinataka ukavu, hewa na giza, na visikae kapu moja. Kiazi kilichogeuka kijani kwa mwanga kina solanini, sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Kama ukijani ni kidogo umenye kwa kina, kama umeenea kitupe.

Bila friji, sufuria ya maji kina cha vidole viwili na kitambaa kibichi juu, kama alivyofanya jirani, inakufikisha kesho asubuhi. Badilisha maji kila siku kwa sababu yakituama yanazalisha ute ule ule. Chungu ndani ya chungu, katikati pakajazwa mchanga unaomwagiliwa maji, kinafanya kazi nzuri Dodoma au Singida, kwani hewa kavu inayanywa maji ya mchanga na kuondoka na joto. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa masika hewa imeshajaa unyevu, maji hayaondoki, na unabaki na chungu cha vuguvugu chenye mboga iliyolowa. Pwani, tegemea upepo na kununua kidogo kidogo.

Ukinunua za wiki nzima kwa mkupuo, pika kwa kufuata udhaifu wao: majani ya maboga na mchicha kwanza, kisha matembele na chainizi, kisha sukuma wiki, na kabichi na karoti mwisho. Zilizozidi, kama una friza, zichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, zitie kwenye maji ya baridi, zikamue na kuzigandisha kwa vifurushi vya mlo mmoja. Kisamvu kina utaratibu wake: kikishatwangwa kinachacha haraka kuliko mboga zote hizi, na kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha, kichemshe siku hiyo hiyo bila mfuniko mpaka kilainike kabisa, kipoe, ndipo ukiweke kwenye baridi. Kisamvu kibichi kilichotwangwa jana, chenye maji ya kahawia juu na harufu ya uchachu, hata muuzaji akikuongezea kijiko cha bure, kiache pale pale kwenye beseni lake.